Brifu imetoka, majina yanayorudi hayafai: tatizo liko wapi?

Nachora logo na mabango ya maduka, na kazi nyingi zinazonifikia siku hizi sio logo peke yake, mtu anataka jina jipya kabisa afu jina hilo nilichore. Hapo ndo shida inapoanzia, maana picha ukikosea unafuta unachora tena, ila jina likikosewa linakuwa limeshaandikwa ubaoni, kwenye risiti, kwenye mifuko na kwenye simu za watu. Na mara nyingi kosa halipo kwangu wala halipo kwa mwenye duka kama mtu, lipo kwenye yale maelezo ya kazi aliyonitumia, ndo brifu yenyewe. Kwa hiyo hapa naenda dalili kwa dalili, ukiona hivi jua chanzo ni hiki, rekebisha hapa. Nimeandika kwa ajili ya mwenye duka, ila dizaina mwenzangu ukipita nawe utajikuta humu.

Mfano nitakaotumia ni kazi moja niliyofanya kweli. Mama mmoja ana duka la vifaa vya kushonea: zipu, vifungo, nyuzi, sindano za cherehani, lastiki, bitana. Zamani aliuza vitambaa, na jina la duka lilikuwa na neno "vitambaa" ndani yake, herufi ishirini na kitu. Vitambaa alishaacha muda mrefu. Watu wanaingia wanaulizia vitambaa, wanaambiwa hamna, wanatoka, na wale wanaotafuta zipu wanapita nje hawajui kama zipo ndani. Sababu ya kubadili jina ilikuwepo na ilikuwa nzito. Meseji aliyonitumia ndo hii:

"Mwanangu nataka jina jipya la duka. Liwe la kisasa, la kuvutia, lionyeshe ubora na lipendwe na watu wote. Lisiwe refu sana. Na logo yake. Nakuamini."

Nikamtumia majina 12. Akajibu, "Mazuri mwanangu, ila sijui, hayajanigusa." Nikatuma mengine 10. Jibu lile lile. Hapo nikasimamisha kazi nikarudi kwenye meseji yake, na kusema ukweli nilitakiwa kurudi mapema, ila ile "nakuamini" ilinivimbisha kichwa.

Dalili ya kwanza: majina yote yanayorudi yanaweza kuwa ya duka lolote

Unasoma orodha unaona yote sawa tu, hamna baya, ila ukilichukua jina moja ukalibandika kwenye duka la simu linakaa, kwenye saluni linakaa, kwenye duka la matairi linakaa. Ukiona hivyo usimlaumu dizaina kwamba hana ubunifu. Chanzo ni toni, yaani namna duka linavyoongea na watu. Kwenye brifu umeandika sifa badala ya toni.

Kuna jaribio dogo nalitumia. Chukua kila neno uliloandika, tafuta kinyume chake, afu jiulize kama kuna duka duniani lingetaka hicho kinyume. "Ubora": kuna duka linataka kuonekana bovu? Hamna. "La kuvutia": kuna anayetaka jina la kuchukiza? Hamna. Basi hayo maneno hayaniambii kitu, ni kama kumwambia fundi nishonee nguo inayovalika. Lakini "mpole" kinyume chake ni "mchangamfu", na maduka yapo ya aina zote mbili. "Ya heshima" kinyume chake "ya utani", zote zipo. Neno ambalo kinyume chake kuna mtu mwingine angelitaka, hilo linafanya kazi, libakishe. Meseji ya mama ilipopita kwenye hili jaribio lilibaki neno moja, "kisasa", na lenyewe linachechemea kwa sababu kila mtu akilisema ana picha yake kichwani, mmoja anaona herufi nyembamba nyeupe, mwingine anaona rangi zinazopiga kelele.

Sasa toni inapatikanaje? Usikae kutafuta maneno mazuri, angalia unavyoongea na wateja. Nilimuuliza mama anieleze mteja wa mwisho aliyemhudumia, akaniambia amekuja fundi ana haraka, ameshika kipande cha nguo anatafuta uzi wa rangi ile, uliopo unakaribia ila sio wenyewe, mama akamwambia, "Huu usichukue, juani utaonekana." Yaani amekataa hela. Nikamuuliza huwa anafanya hivyo, akasema kila siku, wakirudi kulalamika ndo hasara zaidi. Mimi nikaona toni hiyo hapo imekaa mezani na wala hakujua kama anayo. Tukaiandika hivi, kila sifa na mpaka wake:

Anaongea kama fundi kwa fundi, sio kama duka la kifahari kwa mteja. Anasema ukweli, ila hafokei. Anajua kazi, lakini hamwaibishi asiyejua.

Na chini yake tukaweka sentensi mbili anazozitamka kweli, ile ya "juani utaonekana" na nyingine, "Niambie unashona nini nikwambie sindano namba ngapi." Hizi sentensi mbili zinamsaidia dizaina kuliko ukurasa mzima wa sifa, kwa sababu naweza kulichukua jina nikaliweka mdomoni mwa huyu mama nikasikia kama linamkaa au linamning'inia.

Utajuaje kwamba toni sasa imeandikwa vizuri? Irudishe kwenye majina yaliyokataliwa. Toni nzuri inafukuza. Kati ya yale 12 ya mwanzo haya maneno yalifukuza 9 hapo hapo, yote yale ya kujidai yenye "malkia" na "dhahabu" ndani yake, na tukajua kwa nini yalikuwa hayajamgusa. Ukiandika toni afu hakuna jina hata moja linalokufa, bado hujaandika.

Dalili ya pili: mwenye duka na ndugu zake wanalipenda jina, wateja hawalitumii au wanalielewa vingine

Hii ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu inaonekana baada ya ubao kupanda. Chanzo karibu kila mara ni yale maneno mawili, "watu wote". Hadhira ikiwa watu wote, dizaina anaandikia mtu mmoja tu, yule anayemlipa, ndo maana ndugu wanalipenda.

Kwenye hili duka wateja walikuwa wa makundi mawili na hawafanani kabisa. Wa kwanza ni mafundi cherehani, wananunua kwa dazeni, wanarudi mara kadhaa kwa wiki, hawana muda wa kuzurura. Wa pili ni wanaojifunza kushona, wengi vijana, ananunua zipu moja na maswali kumi. Hapa brifu haitakiwi kuwataja tu ikaishia hapo, inatakiwa iseme wakigongana nani anashinda, kwa sababu watagongana. Mama alifikiria kidogo akasema mafundi. Nikamuuliza wanafikaje dukani. Jibu lake ndo lilibadilisha kazi yote: mara nyingi fundi haji mwenyewe, anamtuma dogo anayejifunza kwake. "Nenda kwa mama fulani kaniletee zipu mbili za inchi 8."

Ona hapo. Anayeamua wapi pa kununua sio anayekuja, na anayekuja jina analisikia kwa sikio kabla hajaliona popote. Kwa hiyo jina hili kazi yake ya kwanza ni kupita mdomoni kwa mtu mmoja hadi sikioni kwa mwingine bila kuharibika, ubao ni wa pili. Duka lingine ingekuwa kinyume, kama wateja wanalikuta kwenye simu wakitafuta basi tahajia ndo inatangulia. Brifu isiposema jina litakutana na mteja wapi kwanza, dizaina atachukulia ni ubaoni, maana sisi watu wa kuchora kila kitu tunakiona kwa macho.

Kutoka hapo tukapata majaribio mawili na tukayaandika ndani ya brifu kama masharti.

La kwanza ni sentensi. Kila jina linawekwa kwenye "Nenda ___ kaniletee zipu mbili" afu linasomwa kwa sauti. Kulikuwa na jina Dazeni, mimi nililipenda sana, lina jumla ndani yake, linatamkika. Likawekwa kwenye sentensi: "Nenda Dazeni kaniletee dazeni mbili." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Likafa.

La pili ni simu. Unawapigia watu 5 ambao hawajui chochote kuhusu hii kazi, unawasomea ile sentensi mara moja tu kwa kasi ya kawaida, unawaomba wakuandikie jina walilosikia. Wakikosea wawili au zaidi jina linatoka. Darizi lilikuwa jina zuri sana kwenye karatasi, lina maana ya kupamba nguo kwa uzi, lina heshima yake. Kwenye simu nilirudishiwa Darizi, Dalizi na Tarizi, na hawa wa Tarizi wala hawajakosea Kiswahili, ni neno lile lile kwa matamshi mengine, ila dukani linanipa majina matatu. Tukaliacha kwa shingo upande. Majina yenye r na l, au yenye th na s, yanahitaji hili jaribio kuliko mengine, kwa sababu wasemaji wengi wanazibadilisha na wala hawajijui.

Afu kuna maana ya pili ya neno, hapa ndo watu wanaumia. Kwenye fani ya kushona maneno mengi yana kazi nyingine nje ya cherehani. Kifungo, nilikuwa nimeliweka kwenye orodha ya kwanza bila aibu, na mtu anayepita haoni kifungo cha shati, anaona mtu aliyefungwa jela. Sindano, watu wanawaza duka la dawa. Mshono lilionekana salama, ila siku hizi watu wakisema "mishono" wanaongelea fasheni za nguo, kwa hiyo wangeingia kutafuta mtu wa kuwashonea. Na pia mshono ni wa kidonda. Uzi lilikuwa fupi, tamu, tatizo vijana wakisikia uzi wanawaza jezi ya timu. Dizaina hawezi kuzijua maana zote peke yake kwa sababu nyingine zinaishi kwenye kundi fulani tu la watu, ndo maana brifu iseme wazi: jina lipelekwe kwa mafundi wawili na vijana wawili, swali ni moja tu, "Ukisikia duka linaitwa hivi wanauza nini?" Usiwaulize kama wanalipenda. Mtu akiulizwa kama analipenda jina anakuwa mpole ghafla, anakusifia, na hujapata kitu.

Dalili ya tatu: jina limepatikana, wote mna furaha, afu linakwama

Linakwama ubaoni, au kwenye usajili, au kwenye akaunti za mtandao. Chanzo ni kwamba mipaka ilitajwa baada ya jina badala ya kabla. "Lisiwe refu sana" sio mpaka. Refu ni ngapi?

Tuhesabu, ni rahisi. Pima ubao wako na upime umbali wa mtu anayetakiwa kuusoma. Kanuni ya watu wa mabango ni kwamba herufi isomeke vizuri inahitaji urefu wa kwenda juu kama sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mama alitaka jina lisomwe na mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 30. Hiyo ni herufi ya sentimita 25. Herufi kubwa ya kawaida iliyonenepa kidogo, ukijumlisha na nafasi ya pembeni yake, nakadiria inakula upana kama asilimia 80 ya urefu wake, yaani hapa sentimita 20. Ubao wake una upana wa mita 2.4, ukiacha sentimita 20 kila upande unabaki na mita 2. Gawanya: herufi 10. Basi, mpaka ni herufi 10, na nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. M na W zinakula zaidi, I inakula kidogo, ila kwa kuanzia inatosha. Lile jina la zamani la herufi ishirini na kitu lilikuwa limebanwa pale juu mpaka herufi zikawa nusu ya zinazotakiwa, ndo maana wapita njia hawakuwa wanalisoma. Mama miaka yote alidhani ni rangi imefifia.

Mpaka wa pili ni wa meseji. Kama unatuma SMS kwa wateja na unataka lionekane jina badala ya namba, jina la mtumaji haliruhusiwi kuzidi herufi 11. Mama alikuwa anatuma meseji kwa mafundi mzigo ukiingia, kwa hiyo hili lilimhusu. Risiti nayo ina mpaka wake, printa ndogo za karatasi ya milimita 58 kwa kawaida zinachapa herufi 32 kwa mstari, na ukitaka jina lichapwe kwa upana mara mbili zinabaki 16, ila tulishakuwa kwenye 10 kwa hiyo tukapita.

Alama ndogo ndogo nazo angalia. Mama alipenda neno Ng'ara, kwa sababu vifungo vinang'ara. Ila akaunti za mitandao na anwani za tovuti hazipokei ile alama ya juu, linabaki "ngara", na hilo linasomeka vingine kabisa. Kwa jina linaloanza kusikika kabla ya kuonekana, mtu amesikia ng'ara anatafuta hajui aandikeje. Likatoka.

Usajili sitausema sana maana sio kazi yangu, na hilo lenyewe liandikwe kwenye brifu: nani anaangalia kama jina liko huru, na analiangalia lini. Dizaina anaweza kutafuta mtandaoni kwa haraka, ila hawezi kukuhakikishia. Cha kujua ni kwamba alama za biashara zimepangwa kimataifa kwenye madaraja 45, 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Vifungo, zipu na sindano vipo daraja la 26, nyuzi daraja la 23, na huduma ya kuuza dukani ipo la 35. Ukiwa na hizo namba, anayekutafutia anajua aanzie wapi. Kingine, jina linalotaja bidhaa yenyewe moja kwa moja, mfano Duka la Zipu, huwa gumu kulilinda kwa sababu huwezi kuwazuia wengine kusema wanauza zipu. Wenye maduka wengi hawapendi kusikia hili, wanataka jina lieleze kila kitu. Dawa yake ni mstari wa maelezo: jina linabaki jina, chini yake kwa herufi ndogo unaandika "vifaa vya kushonea". Yule wa mita 30 anasoma jina, aliyefika mlangoni anasoma maelezo. Brifu ikiruhusu huo mstari, jina linapumua, halilazimiki kubeba duka zima mgongoni.

Dalili ya nne: raundi haziishi

Kila ukituma, anatokea mtu mpya mwenye maoni. Leo shemeji, kesho mtoto wa chuo. Chanzo ni kwamba brifu haijasema nani anaamua. Andika jina la mtu mmoja, wengine ni washauri. Basi.

Ila kuna chanzo kingine cha hii dalili ambacho kinatoka kwetu madizaina, tunapeleka jina likiwa tayari limeshachorwa. Jina bovu likivaa rangi nzuri linapita, na jina zuri likiwekwa kwenye fonti ambayo mwenye duka haipendi linakufa bila kosa lake. Mama alikuwa amekataa majina mawili kwenye raundi ya pili na nilipomuuliza sababu akasema "hiyo zambarau". Kwa hiyo sharti: kwenye raundi ya majina, yote yanakuja kwa fonti moja, saizi moja, rangi nyeusi, bila picha. Kuchora kunaanza jina likishachaguliwa. Na ijulikane kwamba ni kazi mbili, kutafuta jina na kulichora, kila moja ina malipo yake na muda wake, hata kama anayefanya ni mtu mmoja.

Brifu baada ya matengenezo

Hii ndo tuliyoandika upya, nimeondoa tu vitu vyake binafsi:

"Mwanangu, duka linauza vifaa vya kushonea: zipu, vifungo, nyuzi, sindano, lastiki, bitana. Vitambaa haviuzwi tena, ndiyo sababu ya kubadili jina, kwa hiyo jina jipya lisiwe na kitambaa ndani yake.

Toni: kama fundi anaongea na fundi, sio duka la kifahari. Mkweli ila hafokei. Anajua kazi ila hamwaibishi asiyejua. Dukani tunasema 'Huu usichukue, juani utaonekana.' Pia tunasema 'Niambie unashona nini nikwambie sindano namba ngapi.'

Wateja: kwanza mafundi cherehani wanaonunua kwa dazeni, pili wanaojifunza. Wakigongana, fundi anashinda. Fundi anamtuma kijana wake, kwa hiyo jina linasikika kabla ya kuonekana.

Mipaka: herufi zisizidi 10 pamoja na nafasi. Lisiwe na alama ya juu. Lisiwe jina langu wala la watoto wangu, duka nitakuja kumwachia mtu mwingine. Lisitaje bidhaa moja kwa moja. Mstari wa maelezo chini ya jina unaruhusiwa. Rangi ya kijani ya mlango inabaki.

Vipimo: likae kwenye 'Nenda ___ kaniletee zipu mbili'. Watu 5 kwenye simu, wasikosee zaidi ya mmoja. Mafundi 2 na vijana 2 waulizwe wanadhani linauza nini.

Utaratibu: majina 8 kwa rangi nyeusi bila picha, afu tunabaki na 3. Usajili naangalia mwenyewe kwa hayo 3 kabla hujachora. Anayeamua ni mimi."

Hiyo ya kutotumia jina lake ilinishangaza, kwa sababu kwenye raundi mbili za mwanzo nilimpelekea majina matatu yenye jina lake ndani na hakusema chochote. Kumbe ndo yalikuwa yanamkera kuliko yote, aliona aibu kuniambia. Kwa hiyo sehemu ya mipaka usiiandike kwa haraka, kaa na mtu umuulize "kitu gani hutaki kabisa hata kama kila mtu analipenda" afu unyamaze. Jibu la kwanza huwa la adabu, la pili ndo lenyewe.

Kwenye yale 8 lilikuwepo Pindo, lile pindo la chini ya nguo. Herufi 5. Kila fundi analijua, kila siku analikunja, na halitaji bidhaa yoyote ya dukani. "Nenda Pindo kaniletee zipu mbili," linakaa. Kwenye simu wanne waliandika sawa, mmoja akaandika Bindo, ambalo nalo ni neno, ile nguo unayoikinga ubebee vitu. Kwa sharti letu limepita, ila hatukulidharau lile kosa, mama akafungua na akaunti ya bindo ili asije akaifungua mtu mwingine. Vijana wawili walisema "kitu cha nguo", fundi mmoja akasema "bila shaka vifaa", mwingine akasema ni fundi wa kupunguza suruali. Huyo wa mwisho ndo aliyetufanya tuuongeze ukubwa wa mstari wa maelezo kutoka sentimita 6 hadi 10, ili usomeke kama mita 12 kabla ya mlango na sio 7.

Ubao ulipanda. Kwa wiki mbili za mwanzo wote waliendelea kusema jina la zamani, hilo tulilitegemea. Wiki ya tatu akaingia dogo mmoja anahema, akasema ametumwa Pindo na fundi wake, zipu mbili za inchi 8, nyeusi. Mama akampa huku anatabasamu peke yake. Dogo akafika mlangoni akageuka, "Mama, na vitambaa bado mnauza?"